Video ya afya imetazamwa mara 60,000. Je, mtoto amemaliza vidonge?

Shirika likishatoa video ya elimu ya afya, takwimu ya kwanza kufika mezani ni idadi ya waliotazama. Haina gharama, inaonekana kwenye skrini saa yoyote, na mfadhili anaielewa bila kuelezwa. Lakini ukiuliza imehesabu nini hasa, jibu linakuwa dogo kuliko namba yenyewe. Kwa miaka mingi Facebook ilihesabu kuwa mtu ametazama akifikisha sekunde 3. Kwenye video fupi za YouTube, tangu tarehe 31 Machi 2025, kila video inapoanza kucheza au kujirudia inahesabiwa. WhatsApp, ambako klipu nyingi za afya huzunguka huku kwetu, haimwonyeshi mtengenezaji klipu yake imefika wapi baada ya watu kuisambaza. Na video inayochezwa kwenye runinga ya kituo cha afya, mbele ya akina mama walioketi kwenye benchi, haihesabiwi na mtu yeyote.

Hata hesabu hizo zingekuwa sahihi, bado zisingejibu swali ambalo shirika linapaswa kulijibu: kuna mtu aliyefanya jambo ambalo asingelifanya bila video? Kulijibu kunawezekana, hata kwa shirika dogo. Kinachohitajika ni kuchagua tendo moja linaloonekana kwa macho, kupata kundi la kulinganisha lisilo na upendeleo, na kuwafuatilia watu hadi siku ambayo tendo hilo lilitakiwa liwe limekamilika. Njia rahisi ya kuona haya yanavyofanya kazi ni kuchukua video moja na kuipima tangu mwanzo hadi mwisho.

Video yenyewe na tendo lake

Tuseme shirika la Tanzania limetengeneza video ya dakika nne kuhusu matibabu ya kuhara kwa watoto, ichezwe kwenye runinga za vituo vinne vya afya. Mwongozo wa matibabu haya hauna utata. Tangu tamko la pamoja la Shirika la Afya Duniani na UNICEF la mwaka 2004, mtoto anayeharisha anapewa ORS kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Mwenye umri chini ya miezi 6 anapewa miligramu 10. Zinki hupunguza ukali na muda wa kuhara, na pia humkinga mtoto asirudiwe na ugonjwa huo katika miezi miwili mitatu inayofuata. Kinga hiyo ndiyo sababu ya kuendelea na dawa hata baada ya choo kukaa sawa.

Na hapo ndipo penye shida. Mtoto akiacha kuhara siku ya tatu au ya nne, mzazi anaona kazi imekwisha. Vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini kwa ajili ya siku nyingine, au vinapewa mdogo wake. Kwa hiyo ujumbe wa video ni mmoja: maliza vidonge vyote kumi hata kama kuhara kumekoma.

Ujumbe wa namna hii ni zawadi kwa mpimaji, kwa sababu tendo lake linaacha ushahidi. Zinki hutolewa katika karatasi ya vidonge kumi, na kila kidonge kikitolewa kinaacha tundu. Huhitaji kuamini maneno ya mtu, unahesabu matundu. Linganisha na video inayosema "zingatia lishe bora". Huyo mtu utamtembelea lini, na ukifika utaangalia nini? Mashirika mengi hugundua wakati wa tathmini kwamba video yao haipimiki, wakati tatizo lilianza siku ya kuandika muswada, pale ujumbe ulipobaki bila tendo.

Kuna mtego mwingine wa kuukwepa mapema. Wengi hufikiria kwenda mitaani na dodoso, wawaulize akina mama bila mpangilio maalumu: mtoto wako aliharisha katika wiki mbili zilizopita, na ulimpa nini? Swali hilo ni halali, na hutumika katika tafiti kubwa za kitaifa za afya. Lakini tafiti hizo hizo zinaonyesha kwamba Tanzania ni takriban mtoto mmoja kati ya kumi wa umri chini ya miaka mitano ndiye anayekuwa ameharisha katika wiki mbili hizo. Ukihitaji watoto 400 walioharisha, utagonga milango ya watoto 4,000. Shirika dogo litaishiwa fedha njiani, na litaandika ripoti juu ya watoto 40. Ni rahisi zaidi kuwapata kituoni, kwenye dirisha la dawa, pale mtoto anapopewa zinki.

Kulinganisha na nani?

Tathmini ya kawaida huuliza maswali kabla ya video na kuyauliza tena baadaye, kisha tofauti yote inapewa video. Udhaifu wake ni kwamba dunia haisimami kuisubiri video. Katika miezi hiyo hiyo manesi wanaweza kupewa semina, mvua zikaleta mlipuko wa kipindupindu na matangazo yake redioni, au bohari ikaleta zinki baada ya kukosekana kwa muda mrefu. Burkina Faso, kati ya 2012 na 2015, kampeni kubwa ya redio kuhusu afya ya watoto ilipimwa kwa kulinganisha maeneo 7 yaliyosikia matangazo na 7 ambayo hayakusikia. Vifo vya watoto vilipungua katika maeneo yaliyosikia, lakini vilipungua pia kule ambako hakuna aliyesikia lolote. Bila maeneo yale ya kulinganisha, kampeni ingejivika ushindi ambao haukuwa wake. Daftari za vituo, kwa upande mwingine, zilionyesha kwamba watoto walioletwa kutibiwa waliongezeka kutokana na matangazo: asilimia 35 mwaka wa kwanza, 20 mwaka wa pili na 16 mwaka wa tatu.

Tanzania ina mfano wa zamani zaidi. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulipoanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, wasikilizaji wa Dodoma hawakurushiwa hadi 1995, wakasikia vipindi vya kwao. Watafiti waliweza hivyo kulinganisha matumizi ya uzazi wa mpango Dodoma na kwingineko.

Shirika dogo halina kituo cha redio cha kuzima. Lina runinga nne, na hizo zinatosha. Badala ya kuvigawa vituo, gawa wiki. Katika kila kituo, chukua wiki nne nne, na kwa kila kundi la wiki nne piga kura: wiki mbili zitachezwa video ya zinki, mbili zitachezwa video nyingine. Kwa wiki 20, kila kituo kinakuwa na wiki 10 za video na 10 za kulinganisha. Mzazi hajui wiki yake ilipangwa vipi, na mtoto hachagui wiki ya kuugua, kwa hiyo makundi mawili yanafanana kwa kila kitu isipokuwa kilichokuwa kwenye runinga.

Wiki za kulinganisha runinga isizimwe. Icheze video ya mambo mengine ya afya, kwa mfano vyandarua, yenye urefu ule ule. Ukizima, utakuwa unapima mambo mawili kwa pamoja, ujumbe wa zinki na uchangamfu wa chumba chenye runinga. Usiweke video ya kunawa mikono, maana hiyo nayo inahusu kuhara. Na hakuna mtoto anayenyimwa chochote: kila wiki dawa ni ile ile na nesi anatoa maelekezo yake kama kawaida.

Mpango huu una tobo lake. Nesi anayesikia video ile mara kumi kwa siku huanza kurudia maneno yake, na anaendelea nayo hata wiki za kulinganisha. Majirani nao husimuliana. Athari ya haya ni kupunguza tofauti kati ya makundi, yaani video itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Ukiona wiki za kulinganisha zinapanda polepole kutoka mwezi wa kwanza hadi wa tano, shuku jambo hilo kwanza, ingawa sababu nyingine za nje nazo zinaweza kuwapandisha wote.

Watoto wangapi?

Kabla ya yote, wafuatilie watoto 40 au 50 bila video yoyote. Jaribio hilo dogo linakupa vitu viwili. Cha kwanza ni kiwango cha kuanzia; tuseme asilimia 45 walimaliza vidonge. Cha pili, ambacho wengi hawakiulizi, ni sababu za wasiomaliza. Ikiwa wengi waliacha kwa sababu kuhara kulikoma, video ina kazi ya kufanya. Ikiwa wengi waliacha kwa sababu mtoto alitapika kidonge kutokana na ladha yake ya chuma, unahitaji video nyingine, inayoonyesha namna ya kukiyeyusha kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama na kurudia dozi mtoto akitapika ndani ya nusu saa. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa wapiga picha.

Sasa amua mabadiliko gani yangekuwa na maana. Kutoka asilimia 45 hadi 60 ni lengo la kuridhisha. Hesabu ya idadi kwa kila kundi ni hii:

```
n = 7.84 × [p1(1 − p1) + p2(1 − p2)] / (p1 − p2)²
```

Namba 7.84 inatokana na viwango vilivyozoeleka: uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti kama kweli ipo, na asilimia 5 wa kudanganywa na bahati. Ukiweka p1 = 0.45, kiwango cha kuanzia, na p2 = 0.60, kiwango unacholenga, unapata watoto 170 kwa kila kundi. Lakini watoto wa kituo kimoja katika wiki moja wanafanana kidogo, kwa kuwa walihudumiwa na nesi yule yule, kwa hiyo kila mmoja analeta taarifa pungufu kidogo. Ukifikia watoto watano kwa wiki kwa kila kituo, na kufanana kwao kukiwa 0.05 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, ongeza kwa kuzidisha 1 + (5 − 1) × 0.05, yaani 1.2, unapata 204. Kisha kadiria kwamba asilimia 15 hawatapatikana siku ya ufuatiliaji: 204 gawanya kwa 0.85 ni 240. Makundi mawili ni watoto 480, sawa na watoto 6 kwa wiki kwa kituo, vituo 4, wiki 20.

Ukitaka kugundua mabadiliko ya pointi 10 badala ya 15, hesabu ya mwanzo inapanda kutoka 170 hadi 388 kabla ya nyongeza zozote. Ndiyo maana tathmini ya watu 30 kwa 30 haiwezi kusema lolote kuhusu video ya kawaida. Tofauti ambayo watu hao 60 wanaweza kuigundua ni kubwa mno kuweza kuletwa na dakika nne za runinga.

Kuandikisha kufuate kanuni isiyoacha nafasi ya kuchagua: watoto sita wa kwanza tangu Jumatatu waliopewa zinki kwa kuhara, wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Walio chini ya miezi 6 waache nje. Wao hupewa nusu kidonge kwa siku, kwa hiyo mtoto aliyefuata dozi vizuri kwa siku kumi atakuwa na matundu matano tu, na mdodosi asiye makini atamwandika kuwa hajamaliza. Linganisha pia na rejista ya kituo kila mwisho wa wiki: kama waliopewa zinki wiki za video ni wengi kupita kawaida, huenda wazazi wameanza kuiomba, na makundi yako hayafanani tena. Na zinki ikiisha kituoni, andika tarehe. Wiki hiyo haina cha kupima.

Maswali ya mlangoni

Dodoso lina kazi yake, ila si ile linayopewa mara nyingi. Haliwezi kuthibitisha kwamba mtoto alimeza dawa. Linaweza kuonyesha kama ujumbe ulifika, na hilo linasaidia kuelewa matokeo. Video isipobadilisha kitu, unahitaji kujua kama hakuna aliyeiona, au waliiona wasiielewe, au walielewa lakini nyumbani mambo yakawa mengine.

Maswali haya yaulizwe mzazi anapotoka kituoni, na jambo la kuzingatia ni kwamba wasiwe wazazi wale wale utakaowafuatilia nyumbani. Ukimuuliza mzazi maswali matatu kuhusu kumaliza zinki, umeshamfundisha kumaliza zinki. Athari hiyo inaingia makundi yote mawili na kuficha kazi ya video. Chagua wengine, 10 hivi kwa kituo kwa mwezi kwa kila aina ya wiki.

Angalia namna swali linavyojengwa. "Je, unajua kwamba ni muhimu kumaliza vidonge vyote?" haliulizi kitu, jibu limo ndani yake, na mtu mwenye adabu atasema ndiyo. Uliza hivi: "Mtoto akiacha kuhara siku ya tatu, vile vidonge vilivyobaki utavifanyaje?" Halafu nyamaza. Mdodosi ana orodha ya majibu kwenye karatasi yake: ataendelea kumpa, atahifadhi, atampa mtoto mwingine, atatupa, hajui; lakini haisomi kwa sauti. Anasikiliza na kuweka alama.

Kuhusu kuiona video, anza bila kudokeza: "Leo ulipokuwa unasubiri, kulikuwa na nini kwenye runinga?" Ndipo uje kwenye mambo mahususi, na uchomekee tukio ambalo halimo. Kama kwenye video hakuna bibi anayechota maji kisimani, uliza kama alimwona bibi huyo. Wale wanaokubali kumwona wanakupa kipimo cha wangapi wanaitikia ndiyo kwa kila kitu ili kumfurahisha muulizaji. Ikiwa asilimia 20 walimwona bibi ambaye hayupo, basi asilimia 70 waliosema waliona vidonge kumi kwenye meza nayo ina maji ndani yake.

Hapa pana kosa linalofanywa hata na mashirika makubwa. Wanawachukua waliokumbuka video na kuwalinganisha na wasioikumbuka, wanakuta waliokumbuka wanafanya vizuri zaidi, wanaandika kwamba video imefanya kazi. Lakini mzazi anayekumbuka video ndiye mzazi makini, aliyepata kukaa badala ya kusimama nje, ambaye hakuwa na mtoto anayelia kupita wengine. Angemaliza vidonge kwa wingi zaidi hata bila video. Mhesabu kila mmoja kwa wiki aliyokuja, awe alitazama au alikuwa anasinzia. Hivyo ndivyo video itakavyokutana na watu katika maisha ya kawaida.

Ziara ya nyumbani

Kidonge cha kwanza hutolewa kituoni mbele ya nesi, kwa hiyo siku ya kituo ni siku ya 1 na kidonge cha mwisho ni cha siku ya 10. Ziara ifanyike siku ya 12 hadi 14. Ukienda siku ya 9 utawakuta watu waaminifu wenye kidonge kimoja au viwili. Ukienda baada ya wiki tatu karatasi itakuwa imeshatupwa.

Wakati wa kuomba ridhaa kituoni, mzazi anaambiwa ukweli: mtu atakuja kuangalia hali ya mtoto na kuuliza juu ya dawa alizopewa. Haambiwi kwamba vidonge vitahesabiwa, kwa sababu akiambiwa hivyo matundu yote yatakuwa wazi hata kama mtoto hakumeza. Jambo hili liandikwe waziwazi kwenye maombi ya kibali cha maadili. Kwa utafiti wa afya Tanzania maombi hayo hupelekwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na ni wao wa kuamua kama ufichaji huo unakubalika. Panga miezi kadhaa kwa ajili ya kibali, usije ukaanza bila hicho.

Mdodosi asivae fulana ya shirika. Asijue pia mtoto aliandikishwa wiki ya aina gani. Karatasi yake iwe na namba tu. Anasalimia, anaulizia mtoto kwanza, kwa kuwa ndicho kilichomleta, na akikuta mtoto hali yake si nzuri anaelekeza kituoni kabla ya dodoso lolote. Kisha anauliza kwa mpangilio huu: mtoto alimeza vidonge kwa siku ngapi, viliisha au vilibaki, na mwisho kabisa, "Naomba nione karatasi ya vidonge, hata kama imebaki tupu." Maneno kabla ya karatasi, si kinyume chake. Hivyo unapata alichosema na ulichokiona, na pengo kati yake.

Karatasi isipoonekana, hiyo ni hali ya tatu yenye alama yake, "haikuonekana", na kanuni ya kuihesabu iwe imeandikwa kabla ya kazi kuanza. Iliyo salama ni kumhesabu kama hajamaliza katika jedwali kuu, kisha kuonyesha pembeni matokeo yangekuwaje kama angehesabiwa kwa maneno yake. Ukisubiri kuamua baada ya kuona namba, utaamua kwa kuipendelea video bila hata kukusudia.

Kwa simu unaokoa nauli, lakini unapoteza macho. Simu nyingi zilizoandikishwa ni za baba, ambaye hajui kidonge cha mwisho kilitolewa lini. Zitumie kupanga ziara: jaribu mara tatu kwa saa tofauti, mojawapo ikiwa jioni. Wasiopatikana ndio mara nyingi waliohama au walio na maisha magumu zaidi, kwa hiyo hesabu kiwango cha waliopatikana kwa kila kundi peke yake. Asilimia 86 na 84 ni sawa. Asilimia 90 na 75 ni tatizo ambalo hakuna hesabu itakayoliondoa.

Kusoma matokeo

Tuseme kazi imekamilika. Namba hizi ni za mfano wetu. Wiki za video walipatikana watoto 206 kati ya 240. Matundu kumi yalionekana kwa watoto 118, yaani asilimia 57. Wiki za kulinganisha walipatikana 202, na 93 walikuwa wamemaliza, asilimia 46. Tofauti ni pointi 11.

Sasa weka pembeni maneno ya wazazi. Wiki za video asilimia 84 walisema walimaliza; wiki za kulinganisha asilimia 71. Yaani kwa kila kundi maneno yalizidi ushahidi kwa takriban pointi 25. Shirika ambalo lingeishia kwenye dodoso lingetangaza kwamba zaidi ya wanne kati ya watano wanamaliza dawa. Katika mfano huu uongezaji chumvi unakaribia kulingana pande zote mbili, kwa hiyo tofauti yenyewe haikupotea. Lakini si lazima iwe hivyo. Video hufundisha tendo, na papo hapo hufundisha jibu linalotakiwa. Pengo likiwa kubwa zaidi upande wa video, kuna watu waliojifunza jibu bila tendo.

Pointi 11 nazo si namba ya kutundika ukutani peke yake. Kwa idadi hii ya watoto, na kufanana kwao kukizingatiwa, athari ya kweli inaweza kuwa popote kati ya pointi 1 na 22 hivi. Ripoti iseme hivyo kwa maneno hayo hayo. Kisha wajaribu wasiopatikana: ukiwahesabu wote 34 na 38 kuwa hawakumaliza, asilimia zinakuwa 49 na 39, tofauti pointi 10. Haikuyumba sana. Ukichukua hali mbaya kupita zote, kwamba wa video wote hawakumaliza na wa upande wa pili wote walimaliza, athari inatoweka kabisa; hali hiyo haielekei kutokea, ila inaonyesha kwa nini kila ziara iliyokosekana ina uzito.

Tazama pia sababu za wasiomaliza. Kama video imefanya kazi kwa njia iliyokusudiwa, wanaosema "aliacha kuhara" watapungua wiki za video, huku wanaosema "alitapika" wakibaki kama walivyo. Ikiwa waliopungua ni wa kutapika, kuna kitu kingine kilichotokea, pengine nesi wa wiki hizo, na inabidi kukitafuta kabla ya kuisifu video.

Hapo ndipo gharama inapoweza kuzungumzwa. Tuseme video na runinga zilimeza shilingi milioni 12. Kama pia iliwekwa mtandaoni ikatazamwa mara 60,000, ni shilingi 200 kwa kila mara, namba nzuri isiyo na mtoto ndani yake. Kwa upande wa vituo, ikiwa watoto 2,400 hupewa zinki kwa mwaka, pointi 11 ni watoto 264 zaidi waliomaliza dawa, kama shilingi 45,000 kwa kila mmoja. Kwa mpaka wa chini, pointi 1, ni watoto 24, na kila mmoja amegharimu shilingi 500,000. Kwa mpaka wa juu, takriban shilingi 23,000. Mfadhili akiona namba zote tatu anaweza kuuliza swali la maana: je, dakika mbili za ziada za maelezo ya nesi kwenye dirisha la dawa zingefanya zaidi kwa fedha hiyo? Swali hilo linapimika kwa mpango ule ule wa wiki, ukiongeza aina ya tatu ya wiki, idadi ya watoto ikipanda ipasavyo.

Baada ya miezi mitatu, wapigie simu wazazi wote waliofuatiliwa, mara moja tu. Uliza lile swali la siku ya tatu, na kama mtoto ameharisha tena, alipewa nini na kwa siku ngapi. Walioharisha tena watakuwa wachache, kwa hiyo usijenge hitimisho juu yao. Kwenye lile swali la kwanza, kumbuka kwamba kila mmoja wao alishatembelewa na kuombwa karatasi ya vidonge, na ziara yenyewe ni somo. Tofauti ikiwa bado ipo kati ya wiki za video na za kulinganisha, ujumbe umekaa. Kama makundi yamelingana, linganisha na majibu ya mlangoni: yakilingana kwa juu, ziara imewafundisha wote, yakilingana kwa chini, mzazi amesahau, na video inahitaji kumkuta tena kila mtoto anapougua. Hiyo ni hoja ya kuiacha ichezwe mfululizo kituoni, pale pale mzazi anapopokea vidonge.